Pini imeingia, sauti inatoka nje

Malalamiko ya hedifoni yanayofika mezani kwangu hapa Moshi ni ya aina tatu, ingawa kila mteja huja akiamini la kwake halijawahi kumpata mtu mwingine. Wa kwanza amechomeka waya vizuri kabisa, lakini wimbo unatoka kwenye spika ya simu na abiria wote kwenye daladala wanageuka kumtazama. Wa pili anasikia sikio moja tu. Wa tatu ndiye ninayemfurahia zaidi: masikio yote mawili yanapata sauti, ngoma ipo, kinanda kipo, ila mwimbaji hayupo.

Wengi wao wameshanunua hedifoni nyingine kabla ya kufika kwangu, na ile mpya nayo imefanya vilevile. Hapo ndipo wanapoanza kuilaumu simu. Mimi kabla sijashika kifaa chochote huwa nauliza jambo moja: ukichomeka, simu yenyewe inajua kwamba umechomeka?

Swali hilo lina jibu kwenye skrini. Simu nyingi za Android zikipokea pini huonyesha kialama kidogo cha hedifoni juu, karibu na saa. Kama yako haina kialama hicho, bonyeza kitufe cha kuongeza sauti uangalie kile kibao kinachojitokeza. Android huweka kiwango cha sauti cha spika mbali na cha hedifoni, kwa hiyo pini ikitambuliwa utaona kiwango kimeruka, au picha ya kibao imegeuka kuwa hedifoni. Kisipobadilika kitu, simu haina habari kwamba kuna waya, na itaendelea kupiga kwa spika hata ukichomeka hedifoni ya bei gani.

Inajuaje? Ndani ya tundu la hedifoni kuna vibati vidogo vya springi vilivyopangwa kufuata urefu wa pini. Pini ya kawaida ina unene wa milimita 3.5 na urefu wa milimita 14 hivi, na zile pete nyeusi uzionazo juu yake ndizo zinazotenga njia za umeme. Ncha ni sikio la kushoto. Kipande kinachofuata ni sikio la kulia. Viwili vilivyobaki ni vya maiki na vya njia ya kurudi, ambayo masikio yote mawili yanaitumia kwa pamoja. Kwenye simu nyingi kipo pia kibati cha ziada kule mwisho kabisa wa tundu ambacho kazi yake ni kugusana na ncha ya pini. Kikiguswa, simu inapata taarifa: kuna mgeni, zima spika. Kisipoguswa, hakuna taarifa.

Sasa fikiria kule mwisho wa tundu kumekaa pamba. Pini inaingia, unaisikia imeshika, kwa macho imezama yote. Kumbe imebaki milimita moja. Milimita hiyo moja inatosha.

Mwezi wa saba uliopita alikuja mama mmoja anayeuza sweta za mitumba pale Memorial. Nikamwamkia, akaitikia, akaweka mezani simu moja na hedifoni mbili. Yeye ni mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili, na mwalimu wao huwatumia sehemu zao kwa WhatsApp ili kila mtu ajifunze nyumbani. "Mwanangu," akasema, "nikiweka hizi nyeupe, sauti inatoka nje. Nikaona zimekufa. Nikachukua hizi nyeusi za kaka yenu alizoacha kwenye droo. Nazo zinatoka nje, ila nikizishikilia kwa kidole zinaingia sikioni, na wenzangu siwasikii wakiimba."

Nilizichomeka zile nyeupe. Hakuna kialama. Nikaikandamiza pini kwa kidole gumba, kialama kikatokea, nikaachia, kikapotea. Hilo ndilo jambo la kuliangalia kwa karibu, kwa sababu pini iliyofika mwisho hukaa bila kushikiliwa na huwa na kamlio fulani, *tik*, inapojifunga. Yake ilikuwa inarudi nyuma kidogo kama imekanyaga kitu laini. Nikawasha tochi nikamulika ndani ya tundu. Tundu safi ukilimulika unaona vibati vinang'aa pembeni na chini kunakuwa kweusi. Lake chini kulikuwa na rangi ya kijivu, na hapakuwa na kina.

Ukiuza sweta mwezi wa saba, simu ikiwa kwenye mfuko wa aproni, huhitaji kuuliza ile kijivu ni nini. Nyuzi za nguo zinaingia moja moja, zinachanganyika na vumbi letu hili, halafu kila mara unapochomeka pini unazishindilia chini. Baada ya miezi kadhaa zinakuwa ngumu kama kizibo. Ndiyo maana tatizo haliji siku moja. Huanza kwa kukatika ukitembea, kisha inabidi uzungushe pini, kisha siku moja sauti inatoka nje moja kwa moja.

Kusafisha kwenyewe si kazi ya kutisha, ila ina masharti yake. Zima simu. Chukua kijiti cha meno cha mti, ukichonge kwa wembe mpaka kiwe chembamba na bapa kidogo kwenye ncha. Shika simu tundu likitazama chini, ili kinachotoka kidondoke chenyewe. Pitisha kijiti taratibu kikiambaa na ukuta mpaka chini, kisha kizungushe na ukivute kuja nje. Usisukume. Ukisukuma unazidi kushindilia kile ulichokuja kukitoa. Mara ya kwanza kitatoka kidogo tu, pengine nyuzi mbili tatu. Mara ya nne au ya tano ndipo kile kizibo kinapong'oka, na cha mama huyu kilitoka kizima, kipande kama punje ya mchele kilichosokotwa kwa nyuzi za rangi zote za meza yake. Alikishika akacheka sana.

Sindano na pini ya chuma sizitaki karibu na tundu hilo. Vile vibati ni vyembamba mno, ukikipinda kimoja hakirudi, na hapo umetoka kwenye tatizo la pamba umeingia kwenye tatizo la kubadilisha tundu zima. Vijiti vya pamba vya masikio ni vinene kuliko tundu na vinaacha nyuzi zake mle mle. Kupuliza kwa mdomo kunapeleka mate. Pampu ndogo ya mpira ya kupulizia hewa ni nzuri, lakini kwa vumbi jepesi tu, kizibo kilichoshindiliwa hakiisikii.

Kama baada ya pamba kutoka bado kuna mikwaruzo ukizungusha pini, vibati vimeshika uchafu wa jasho au kutu nyepesi. Hapo tumia spiriti aina ya isopropili, si maji wala ile yenye mafuta au manukato. Lowesha brashi nyembamba ile ya kusafishia katikati ya meno, ikung'ute isidondoshe, ipitishe mara chache, kisha acha simu ikiwa imezimwa kwa nusu saa. Pini yenyewe unaifuta tu kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Watu huisahau pini, na mara nyingi ina ukungu mweusi pale kwenye pete.

Kuna kinyume cha tatizo hili, niseme kwa kifupi: umechomoa waya lakini kialama cha hedifoni kimebaki na spika ya simu imenyamaza. Mara nyingi ni unyevu au uchafu unaogusanisha vibati, simu inadhani mgeni bado yupo. Ikiwa imenyeshewa au imelowa jasho, iache ikauke vizuri kwanza, kisha ingiza na kutoa pini mara kadhaa na usafishe kwa njia ileile.

Turudi kwa mama. Hedifoni nyeupe sasa ziliingia, *tik*, kialama kikasimama, sauti ikaja masikio yote. Nikamwekea nyeusi. Nazo zikaingia mpaka mwisho, kialama kikasimama, lakini nikifungua ile sauti aliyotumiwa na mwalimu, karibu kimya. Kaunong'ono ka mbali sana. Nikajaribu wimbo wa kwaya uliorekodiwa studio: kinanda kinasikika kwa upana, ngoma zipo, waimbaji wa katikati wamepotea kama mama alivyosema.

Mafundi wengi hapo wangesema hedifoni mbovu, na kwa kweli wasingekuwa mbali, ila inafaa kujua ubovu wenyewe ni upi. Ile njia ya kurudi, inayotumiwa na masikio yote mawili, haikuwa imefika kwenye simu. Ikikosekana, umeme wa kushoto hauna pa kurudi isipokuwa kupitia kulia, na wa kulia kupitia kushoto. Sauti ambayo ni sawasawa pande zote mbili, kama ya mwimbaji aliyewekwa katikati ya wimbo, inajifuta yenyewe: watu wawili wakisukuma mlango mmoja kutoka pande mbili kwa nguvu sawa, mlango hauendi popote. Kinachobaki ni zile sauti zinazotofautiana kati ya kushoto na kulia, kama kinanda na mwangwi. Na sauti iliyorekodiwa kwa simu ya mwalimu ilikuwa na njia moja tu, kushoto na kulia ni ileile, kwa hiyo haikubaki na kitu.

Njia ya kurudi inaweza kukosekana kwa sababu ya uchafu, au waya umekatika ndani, au sababu ya tatu ambayo inajitambulisha kwa kitufe. Nilishikilia kitufe cha kupokelea simu kwenye waya wa zile nyeusi huku wimbo ukiendelea. Waimbaji wakarudi wote. Nikaachia, wakaondoka.

Kitufe hicho kazi yake ni kuunganisha waya wa maiki na ule wa njia ya kurudi. Ikiwa kukishikilia kunarudisha sauti, maana yake njia hizo mbili zimepishana nafasi kati ya hedifoni na simu. Zamani kulikuwa na mipangilio miwili. Mmoja unaitwa OMTP, ambao ulitumika kwenye simu za zamani za Nokia, Sony Ericsson na baadhi ya Samsung. Mwingine ni CTIA, ndio unaotumika kwenye simu za siku hizi. Pini zake kwa macho zinafanana kabisa. Baadhi ya simu za sasa zinatambua tofauti na kujirekebisha zenyewe, nyingine hazina habari. Zile nyeusi za kwenye droo zilikuwa za simu ya zamani. Hazina kosa, hazina uchafu, na hakuna kusafisha kutakakozisaidia. Kuna kiunganishi kidogo kinachobadilisha njia hizo, lakini kwa hedifoni ya kawaida ni afadhali uzitunze kwa ile simu yake ya zamani. Kama kitufe kisingerudisha kitu, ningerudi kwenye uchafu na waya uliokatika.

Sasa setingi, maana kuna wanaokuja na tundu safi kabisa.

Cha kwanza zima "Bluetooth". Namaanisha hata kwa mwenye hedifoni ya waya. Nyumba nyingi siku hizi zina sabufa ya blutuu, na simu iliyowahi kuunganishwa nayo hujiunganisha tena yenyewe ukipita karibu. Unakaa chumbani na hedifoni, wimbo unalia sebuleni. Kwa wenye hedifoni za blutuu, nenda kwenye orodha ya vifaa, bonyeza kile kigurudumu pembeni ya jina la kifaa, utaona swichi za "Phone calls" na "Media audio". Hiyo ya pili ikiwa imezimwa, hedifoni itaandika imeunganishwa, simu zitapokelewa sikioni, lakini muziki na video vitatoka kwenye spika. Ni swichi ndogo inayoguswa bila mtu kujua. Kwenye Samsung kuna kingine kinaitwa "Separate app sound", kinachoruhusu programu moja itoe sauti mahali pake tofauti na nyingine zote. Ukiona YouTube inatoka nje lakini vingine vyote vinaingia sikioni, anzia hapo.

Redio ya FM ya kwenye simu nayo inanichekesha. Inahitaji waya wa hedifoni kwa sababu waya huo ndio antena yake, na kwa hiyo programu yenyewe ina kitufe chake cha kupeleka sauti kwenye spika huku waya ukiwa umechomekwa. Bodaboda wanaosikiliza mpira kijiweni wanakiwasha ili wasikilize wote, kesho mmoja wao anakuja kwangu akisema, "Mangi, tundu limekufa." Halijafa. Gusa kile kitufe cha spika ndani ya redio. Vilevile, simu nyingi zikiita au kengele ya kuamka ikilia, hulia kwenye spika na hedifoni kwa pamoja hata kila kitu kikiwa sawa. Zimetengenezwa hivyo ili usikose simu hedifoni ikiwa mezani.

Kwa sikio moja, setingi ya kuangalia ni balansi. Kwenye Android ipo ndani ya "Accessibility", lakini kila kampuni imeificha kwenye kona yake, kwa hiyo njia fupi ni kufungua setingi, kugusa alama ya kutafuta na kuandika "balance" au "mono". Utaona mstari wenye kushoto na kulia. Kitone kiwe katikati. Kwenye iPhone ni "Settings", "Accessibility", kisha "Audio & Visual". Hapo hapo kuna "Mono Audio", inayochanganya pande zote ziwe sauti moja. Mwenye kusikia kwa sikio moja inamfaa sana, asikose nusu ya wimbo. Ila haiponyi hedifoni, na ukiiwasha kwenye kesi kama ya mama yule, ndiyo unafuta kila kitu.

Balansi ikiwa katikati na bado upande mmoja haupo, badilishana. Chomeka hedifoni hiyo kwenye simu ya jirani. Ikipona, ubovu uko kwenye tundu lako, na kama kilichopotea ni kushoto basi rudi kwenye pamba, kwa sababu ncha ya kushoto ndiyo inayokaa ndani zaidi. Ikibaki ileile, ubovu uko kwenye hedifoni. Chomeka, weka wimbo, kunja waya taratibu pale unapotoka kwenye pini, kisha pale unapogawanyika, kisha pale unapoingia sikioni. Ukikunja mahali sauti ikarudi kwa sekunde, umeshapata pa kukata. Sehemu ya kwenye pini ndiyo inayokufa zaidi kwa wanaozungushia waya kwenye simu wakimaliza kusikiliza. Kulehemu pini mpya kunawezekana, lakini nyaya zake zimepakwa rangi inayozuia umeme na lazima uichome kwanza kwa ncha ya moto ndipo zishike. Kwa hedifoni za bei ya chini mteja mara nyingi anaona heri anunue nyingine.

Upande mmoja ukiwa unasikika lakini kwa mbali, kabla ya yote tazama kile kiwavu kinachofunika spika ya hedifoni, chini ya mpira wa sikioni. Toa mpira, mulika. Nta ya sikio ikishakauka juu ya kile kiwavu inakuwa kama rangi, na sauti inapungua kidogo kidogo hata usitambue. Shika hedifoni kiwavu kikitazama chini, sugua kwa mswaki mkavu wenye nywele laini ili nta idondokee nje badala ya ndani. Usichokoe kwa kitu chenye ncha, kiwavu kikitoboka nta inaingia kwenye spika. Mpira ndio unaooshwa kwa maji na sabuni, ukaushwe kabisa kabla ya kurudishwa.

Zile zisizo na waya zina namna yake ya kunyamaza upande mmoja. Kabla ya kulaumu blutuu, angalia kama upande huo unachaji. Ndani ya boksi lake kuna vipini vidogo vya shaba vinavyogusa chini ya kila kipande, na jasho likikauka pale, kipande kimoja hakichaji na hakuna anayekuambia. Futa vipini na sehemu zinazogusana nazo kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, rudisha, hakikisha taa inawaka. Kama vyote vinachaji lakini vinafanya kazi kimoja kimoja, fungua orodha ya blutuu. Ukikuta jina la hedifoni limejirudia mara mbili, moja likiwa na L na jingine R, vipande vimeachana na kila kimoja kinaitafuta simu kivyake. Yafute majina yote kwa "Forget", rudisha vipande vyote ndani ya boksi ili vipatane kwanza, halafu uunganishe upya. Nyingine zinahitaji ushikilie kitufe cha boksi au ubonyeze vipande vyote kwa pamoja kwa sekunde kadhaa. Hiyo iko kwenye kikaratasi ambacho kila mtu amekitupa.

Na tundu likisafishwa, likakaguliwa, hedifoni nzima ikajaribiwa, na bado pini inacheza ndani bila kushika, springi zimechoka. Uliza fundi kabla hajafungua: kwenye simu yako tundu hilo liko kwenye bodi ndogo ya chini pamoja na chaji, au limelehemiwa kwenye bodi kubwa? Likiwa kwenye bodi ndogo, anabadilisha bodi hiyo yote na chaji inapata mlango mpya humo humo. Likiwa kwenye bodi kubwa ni kazi ya kulehemu kwa hewa ya moto, na mwenye simu ya kawaida nitamwambia achukue hedifoni ya blutuu aachane nalo.